Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufupisha Rekodi ya Ukaguzi wa Ubora Kiwandani

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekabidhiwa rekodi ya sauti ya mkaguzi wa ubora akizunguka kiwandani, naye anatakiwa kutoa humo muhtasari wenye mambo matatu: matatizo yaliyoonekana, mahali yalipoonekana, na hatua za marekebisho zilizoombwa. Mifano yote inatoka katika rekodi moja ya kubuni, yenye urefu wa dakika 52, ya kiwanda kinachoshona nguo za watoto. Mkaguzi anatembea na meneja wa ubora kutoka ghala la vitambaa hadi kwenye meza za kukatia, kisha laini nne za cherehani, chumba cha vifungo, ukaguzi wa mwisho penye mashine ya kutambua metali, na mwisho ufungashaji. Kiwanda cha nguo za watoto kimechaguliwa kwa makusudi, kwa sababu ncha ya sindano iliyobaki ndani ya mshono ni hatari kwa mvaaji, na kosa dogo katika muhtasari linaweza kuificha.

Muhtasari huu una tofauti gani na kunakili maneno yote yaliyosemwa?

Nakala ya maneno hufuata mpangilio wa mazungumzo, ilhali muhtasari hufuata mpangilio wa matatizo. Katika rekodi ya ukaguzi tatizo moja huzungumzwa vipande vipande: linaonekana dakika ya 19, meneja analielezea dakika ya 22 wakiwa wameshahamia laini nyingine, kisha mkaguzi anatamka anachotaka kifanyike dakika ya 48 katika kikao kifupi cha mwisho. Kazi yako ni kuvikusanya vipande hivyo chini ya ingizo moja, huku ukiandika dakika ya kila kipande ili yeyote mwenye shaka aweze kurudi kusikiliza.

Hata hivyo, usiruke kunakili. Ni vyema uwe na nakala ya maneno, japo ya haraka, yenye alama za dakika, kwa sababu anayefupisha moja kwa moja kwa masikio huelekea kukumbuka yaliyosemwa kwa sauti kubwa na kusahau yaliyosemwa kwa upole. Wakaguzi wengi hutaja matatizo mazito kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nianzie wapi baada ya kupokea rekodi?

Anza na njia waliyopita kabla ya kugusa tatizo lolote. Sikiliza mara moja bila kusimama, na uandike tu pale wanapobadilisha eneo: dakika 0 hadi 9 ghalani, 9 hadi 16 kwenye meza za kukatia, 16 hadi 31 kwenye laini za cherehani, 31 hadi 35 chumba cha vifungo, 35 hadi 44 ukaguzi wa mwisho, kisha ufungashaji na kikao. Mara nyingi mabadiliko hayo hayatangazwi, lakini sauti yenyewe hukuambia. Ghala lina mwangwi, laini za cherehani zina mlio unaopanda na kushuka, na mashine ya kutambua metali ina mlio wake inapopitishiwa kadi ya majaribio.

Andika pia saa halisi ambayo rekodi ilianza, ambayo kwa kawaida hupatikana katika taarifa za faili. Rekodi yetu ilianza saa 6:55 mchana, yaani 12:55. Wengi huiona taarifa hiyo kuwa ya ziada tu, lakini mbele kidogo utaona ingizo zima ambalo lisingepatikana bila hiyo.

Mwisho, omba ramani ya sakafu ya kiwanda pamoja na orodha ya namba za mashine. Kama havipo, mwombe mtu wa kiwandani akutajie laini ngapi zipo na vituo vya kazi vinahesabiwa kuanzia upande upi.

Mkaguzi anasema "hapa", "huku" na "mle" bila kutaja eneo. Mahali niandike vipi?

Hili ndilo swali linaloleta taabu kuliko yote, na linastahili jibu refu. Mkaguzi hasemi kwa ajili ya rekodi. Anasema na mtu aliye naye, ambaye anaona anachokionyesha kwa kidole. Sisi tuliobaki na sauti peke yake tunahitaji kujenga upya kile kidole kilionyesha nini.

Lugha yetu inasaidia, mradi tuisikilize kwa makini. Anaposema "hapa pamewekwa mkasi bila kufungwa", kiambishi cha *pa-* kinaonyesha mahali mahsusi, kama meza moja au kituo kimoja cha kazi. Anaposema "huku kunachanganywa mabunda", anazungumzia eneo lisilo na mpaka dhahiri, pengine laini nzima. Anaposema "humu mna vipande vya sindano", ni ndani ya kitu: droo, kabati, kopo au boksi. Msemaji makini mara chache huvichanganya viambishi hivi, kwa hiyo usivisawazishe vyote kuwa "eneo la uzalishaji". Ukiandika "laini ya 3" wakati mkaguzi alisema "humu", umeipoteza droo, na atakayetumwa kurekebisha atafika kwenye laini, ataona hakuna tatizo juu ya meza, na atarudi akiripoti kwamba jambo limekwisha. Tahadhari moja tu: wapo wasemaji, hasa wale ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, wanaosema "hapa" kwa kila mahali. Dakika tano za kwanza zinatosha kukuonyesha kama mkaguzi wako ni mmoja wao.

Baada ya hapo tafuta nguzo za karibu, yaani maneno ya kabla na baada yanayotaja kitu chenye namba au nafasi inayojulikana. Katika rekodi yetu, dakika ya 19:20, mkaguzi anasema, "Tafadhali nifungulie humu." Hakuna eneo lililotajwa. Lakini dakika ya 18:05 meneja alisema, "Hii ndiyo laini ya tatu, ovaloki zinaanzia kituo cha tano," na dakika ya 19:02 fundi anasikika akisema yeye ni wa kituo cha saba. Mahali panaandikwa hivi: laini ya 3, kituo cha 7, mashine ya ovaloki, ndani ya droo ya daftari la sindano. Daftari hilo ni lile ambamo vipande vya sindano iliyovunjika hubandikwa. Kwa kuwa neno "droo" halikutamkwa bali lilidokezwa na sauti ya kufunguliwa na neno "humu", liwekee alama kwamba linahitaji kuthibitishwa.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, mtu ambaye hakuwapo siku ile anaweza kutembea peke yake hadi mahali hapo na kuweka mkono wake juu ya kitu kilichotajwa? Akihitaji kuuliza njiani, mahali hapajaandikwa. Niliwahi kupeleka muhtasari uliosema "cherehani ya mwisho ya laini", na kiwandani wakarekebisha mashine ya upande wa pili kabisa, kwa sababu wao walihesabu kuanzia mlangoni na mimi nilihesabu kwa kufuata hatua za mkaguzi, aliyekuwa akitembea kuelekea mlangoni.

Tatizo lenyewe liandikwe kwa maneno gani?

Liandikwe kama kitu kilichoonekana, pamoja na kigezo ambacho kimevunjwa ikiwa mkaguzi alikitaja. "Udhibiti wa sindano ni dhaifu" ni hukumu, na msomaji hawezi kuichunguza. "Safu moja ya daftari la sindano imesainiwa ilhali kipande cha ncha hakijabandikwa, na utaratibu wa kiwanda unataka vipande vyote vibandikwe kabla ya sindano mpya kutolewa" ni jambo linaloweza kukubaliwa au kukanushwa.

Angalia sana viambishi vya wakati, kwa kuwa hapo ndipo maana ya tatizo hubadilika bila mtu kutambua. "Vipande havijahesabiwa" ina maana kazi bado haijafanyika, na pengine itafanyika leo. "Vipande havikuhesabiwa" ina maana kwamba katika tukio fulani lililopita kazi ilirukwa. "Vipande havihesabiwi" ina maana kuwa hiyo ndiyo desturi ya mahali hapo. Haya ni matatizo matatu tofauti yenye uzito tofauti, na hatua zake hazifanani: la kwanza linahitaji kazi imaliziwe, la pili linahitaji bidhaa za siku hiyo zifuatiliwe, na la tatu linahitaji utaratibu wote ushughulikiwe. Nakili kitenzi kama kilivyotamkwa. Ukitilia shaka kama umesikia "havija-" au "havi-", rudia kipande hicho kwa kasi ndogo, na ikiwa bado hakieleweki, kiweke katika orodha ya maswali kwa mkaguzi.

Kauli za mtu anayekaguliwa nazo zibaki kuwa kauli. Meneja akisema "huwa tunafanya, leo tu ndiyo tumesahau", hilo si jambo lililoonekana. Linaweza kuandikwa kama maelezo ya kiwanda, likiwa na jina la cheo chake na dakika aliyosema.

Kwa nini mnasisitiza saa halisi ya kuanza kwa rekodi?

Kwa sababu ya tukio lililoko dakika ya 37:10. Mkaguzi yuko mbele ya mashine ya kutambua metali na ameshika fomu ya majaribio. Utaratibu wa kiwanda hiki unataka kadi ya majaribio, yenye tufe la chuma la milimita 1.0, ipitishwe kila baada ya saa mbili katika nafasi tisa za mdomo wa mashine: kushoto, katikati na kulia, kila moja kwa chini, katikati na juu. Fomu ina safu zilizoandikwa 08:00, 10:00, 12:00, 14:00 na 16:00. Mkaguzi anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ya saa nane imeshajazwa na kusainiwa," kisha anauliza ni nani aliyesaini.

Mtu aliyeifupisha rekodi hii kwa haraka aliandika kwamba safu ya 08:00 imejazwa na kusainiwa. Sentensi hiyo haina dosari kwa macho, safu ya 08:00 ipo kweli kwenye fomu, na hakuna tatizo lolote ndani yake. Basi akaiweka kando kama jambo zuri lililoonekana. Lakini saa nane ya mchana ni 14:00, na ukijumlisha dakika 37 juu ya 12:55 unapata 13:32. Mkaguzi alikuwa anasema kwamba jaribio ambalo muda wake haujafika limeshaandikwa kuwa limefanyika na limefaulu. Hilo pengine ndilo tatizo zito kuliko yote katika rekodi nzima, kwa kuwa linatia shaka safu nyingine zote za fomu hiyo, na lingepotea kwa sababu ya kubadilisha vibaya saa moja tu.

Kwa hiyo kanuni ni kuandika saa kwa namna zote mbili kila inapotajwa: kama ilivyotamkwa, na kama inavyosomeka kwenye fomu. Andika "saa nane mchana (14:00)". Pale ambapo msemaji hakutaja mchana wala usiku, na kiwanda kina zamu ya usiku, usikisie. Saa mbili inaweza kuwa 08:00 au 20:00.

Ni tarakimu zipi husikika vibaya kwenye kelele za kiwandani?

Jozi mbili ndizo zinazonisumbua zaidi: sitini na tisini, kisha thelathini na themanini. Zote zinaanza na kuisha kwa sauti zinazokaribiana, na mlio wa cherehani hufunika katikati. Tatu na tano nazo hukorogana anapozungumza mtu aliyegeuza uso.

Katika chumba cha vifungo, dakika ya 33:15, kifungo cha kubonyeza kinavutwa kwa kipimo cha mvuto, na utaratibu unataka kihimili nyutoni 90 kwa sekunde 10. Mkaguzi anasoma namba na kusema kama "tisini" au "sitini", haijulikani. Kama ni 90, kifungo kimefaulu. Kama ni 60, kimeng'oka mapema. Muktadha ndio uliotoa jibu: sekunde chache baadaye mkaguzi anasema, "Nipe vingine vitano vya bunda hilohilo." Mkaguzi aliyeridhika kwa kawaida haombi sampuli zaidi za bunda lilelile. Hata hivyo, huo ni ushahidi wa kuelekeza tu. Ingizo liliandikwa "nyutoni 60, inahitaji kuthibitishwa kwa mkaguzi", na picha ya kipimo aliyokuwa nayo ndiyo iliyomaliza shaka.

Kipi kinahesabika kuwa hatua iliyoombwa?

Ni kile tu ambacho mkaguzi alikiomba. Jibu linaonekana rahisi, lakini katika rekodi kuna aina nne za kauli zinazofanana na ombi, na kuzichanganya ndilo kosa linaloleta ugomvi mwingi zaidi kati ya kiwanda na mkaguzi baada ya muhtasari kutoka.

Ya kwanza ni ombi lenyewe: "Nataka mabunda yote yaliyopita mashine hii tangu saa sita yazuiwe", au "mnitumie maelezo ya chanzo ndani ya siku 14". Ya pili ni pendekezo: "Mngeweka hata saa ya ukutani hapa ingewasaidia." Kiambishi cha *-nge-* kinaonyesha kwamba anashauri, haamuru. Ya tatu ni ahadi ya kiwanda: "Tutawafundisha upya kesho." Hiyo ni kauli ya meneja, na isipokuwa mkaguzi ameikubali kwa maneno kama "sawa, hiyo iandikwe", haiwi hatua iliyoombwa. Ya nne ni wazo lako wewe unayefupisha. Ukishasikiliza rekodi mara tatu utaanza kuona dawa ya kila tatizo, na utatamani kuiandika. Usiiandike. Mkaguzi atakayerudi kuhakiki atahakiki alichoomba yeye, na kiwanda kitakuwa kimetumia muda na fedha kutekeleza jambo ambalo hakuna aliyeliomba.

Kuna utata mmoja zaidi. Kitenzi cha kutakia, kama "mweke", "mtenge" au "mfanye", husikika sawa kikiwa ombi au kikiwa sehemu ya ushauri. "Ni lazima mtenge" na "si vibaya mtenge" zina kitenzi kilekile. Kwa hiyo nukuu maneno yanayokitangulia, hata kama muhtasari utarefuka kidogo.

Marekebisho ya papo hapo na hatua ya kuondoa chanzo ni kitu kimoja?

Hapana, na muhtasari mzuri huviweka katika nafasi mbili. Kiwango cha ISO 9000 cha mwaka 2015, ambacho kinafafanua istilahi za ubora, kinatenganisha kitendo cha kuondoa kasoro iliyogunduliwa na kitendo cha kuondoa chanzo chake ili isijirudie. ISO 9001 ya mwaka huohuo, katika kifungu cha 10.2, inataka taasisi ishughulikie kasoro yenyewe, ipime haja ya kuondoa chanzo, na ipitie tena kama hatua iliyochukuliwa imefanya kazi.

Kwa lugha ya kiwandani: kulitafuta bunda lililoshonwa na sindano iliyovunjika na kulipitisha tena kwenye mashine ya metali ni marekebisho ya papo hapo. Kugundua kwa nini msimamizi alisaini safu isiyo na ncha, na kuizuia hali hiyo isirudi, ni hatua ya kuondoa chanzo. Mkaguzi anaweza kuomba moja tu, au zote mbili. Kama ameomba moja, nafasi ya pili iachwe na maneno "haikuombwa katika rekodi", badala ya kuachwa tupu, ili msomaji ajue kwamba haikusahauliwa.

Tatizo lililorekebishwa mbele ya mkaguzi liandikwe?

Ndiyo. Dakika ya 17:30 mkasi wa kukatia nyuzi katika laini ya 2 haukuwa umefungwa kwenye meza, na fundi aliufunga palepale. Unaandika tatizo, mahali, na kwamba marekebisho yalifanyika mbele ya mkaguzi katika dakika fulani. Mkasi umefungwa, lakini sababu ya kutofungwa kwake mwanzoni haijaulizwa.

Tatizo lilelile likionekana sehemu tatu, ni ingizo moja au matatu?

Fuata ombi la mkaguzi. Akiomba hatua moja kwa yote, fanya ingizo moja lenye mahali patatu, kila pamoja na dakika yake. Akiomba mambo tofauti, yatenganishe. Usiandike kamwe "sehemu mbalimbali".

Mkaguzi akibadilisha kauli yake baadaye, nifuate ipi?

Fuata ya mwisho, lakini onyesha ya kwanza. Ghalani, dakika ya 6:40, mkaguzi aliona marobota manne ya kitambaa kwenye rafu yasiyo na lebo ya namba ya fungu. Dakika ya 47:05, katika kikao, meneja alileta daftari linaloonyesha kwamba marobota hayo yalikataliwa wiki iliyotangulia na yanasubiri kurudishwa kwa muuzaji. Anayesikiliza kwa haraka atadhani tatizo limefutwa, kwa sababu mkaguzi alisema, "Sawa, nimeelewa." Kisha akaongeza, "Basi shida si lebo ya fungu. Shida ni kwamba kilichokataliwa kimekaa pamoja na kizuri." Tatizo halikufutwa, limebadilika jina na, kwa maoni yangu, limekuwa zito zaidi. Muhtasari unasema: kitambaa kilichokataliwa hakijatengwa wala kuwekewa alama, kauli ya awali ya dakika ya 6:40 kuhusu lebo ya fungu imebadilishwa na mkaguzi katika dakika ya 47:05.

Neno "sawa" katika rekodi za ukaguzi lina maana nyingi: nimesikia, tuendelee, nimekubali, limekwisha. Usilichukue kuwa limefuta tatizo mpaka sentensi inayofuata ithibitishe.

Naweza kuongeza daraja la uzito au namba ya kifungu cha kiwango?

Ikiwa mkaguzi ametamka, ndiyo. Ikiwa hakutamka, hapana, hata kama unakijua kiwango hicho kwa moyo. Daraja la kasoro ni uamuzi wa mkaguzi, na mara nyingi hulitoa baada ya kulinganisha ushahidi wote akiwa ametulia.

Majina ya wafanyakazi yaandikwe?

Andika cheo na kituo: "fundi wa kituo cha 7", "msimamizi wa zamu". Jina likitajwa kwenye rekodi, liache huko. Ukaguzi wa ubora unachunguza utaratibu, na fundi akishaona jina lake kwenye muhtasari uliosambazwa, ukaguzi unaofuata hatasema kitu.

Mnaweza kuonyesha ingizo lililokamilika?

Hili ni la daftari la sindano.

Tatizo: Safu moja ya daftari la sindano imesainiwa na msimamizi wa zamu ikiwa na vipande viwili vilivyobandikwa, na ncha ya sindano haimo (19:48). Utaratibu wa kiwanda, kama ulivyosomwa na mkaguzi (20:15), unataka vipande vyote vipatikane na kubandikwa, na visipopatikana, bunda lizuiwe. Bunda husika liliendelea hadi kituo kilichofuata (20:40, kwa kauli ya fundi wa kituo cha 7).

Mahali: Laini ya 3, kituo cha 7, ovaloki, daftari limo ndani ya droo (neno "droo" linahitaji kuthibitishwa).

Maelezo ya kiwanda: Meneja wa ubora anasema ncha "huenda ilianguka sakafuni" (22:10).

Marekebisho ya papo hapo yaliyoombwa: Bunda litafutwe popote lilipo, lipitishwe kwenye mashine ya kutambua metali, na matokeo yaonyeshwe kwa mkaguzi kabla hajaondoka (21:05). Hali mwishoni mwa rekodi: bunda limepatikana katika meza ya kupigia pasi (43:30), matokeo ya kupitishwa kwake hayasikiki.

Hatua ya kuondoa chanzo iliyoombwa: Maelezo ya maandishi ya kwa nini safu ilisainiwa bila ncha, na namna hali hiyo itakavyozuiwa, ndani ya siku 14 (48:20).

Ahadi ya kiwanda, haikuombwa: Kuwafundisha upya wasimamizi wote wa zamu (48:55).

Zingatia mstari wa hali mwishoni mwa rekodi. Ni rahisi kuandika kwamba bunda lilipatikana na kupitishwa, kwa kuwa ndivyo msikilizaji anavyotamani iwe. Rekodi inathibitisha kupatikana tu. Tena kuna jambo linaloyaunganisha maingizo mawili: mashine inayotegemewa kuitafuta ncha hiyo ndiyo ileile ambayo fomu yake ya majaribio ilijazwa kabla ya wakati. Mkaguzi alilitambua, na dakika ya 38:50 alitaka kadi ya majaribio ipitishwe mbele yake katika nafasi zote tisa kabla ya kulikubali bunda lolote. Kadi ilitambuliwa mara zote tisa. Kila ingizo litaje lingine kwa namba yake, ili anayesoma moja asilifunge bila kuliona la pili.

Nikikuta sehemu isiyosikika kabisa nifanye nini?

Andika dakika ya kuanza na ya kuisha, eneo walilokuwa kwa mujibu wa njia uliyoichora, na maneno "haisikiki". Sekunde 20 zisizosikika mbele ya meza ya ukaguzi wa mwisho ni swali la kumuuliza mkaguzi. Sekunde 20 zisizosikika wakipanda ngazi huenda si kitu.

Nani athibitishe muhtasari kabla haujasambazwa?

Mkaguzi aliyezunguka, si meneja aliyekaguliwa, na afanye hivyo mapema wakati kumbukumbu yake bado haijachanganyika na kiwanda kingine. Mpelekee muhtasari pamoja na orodha fupi ya maswali, kila moja likiwa na dakika yake, ili aweze kusikiliza sekunde chache na kujibu. Kwa rekodi hii maswali yalikuwa manne: kama daftari lilikuwa ndani ya droo, namba iliyosomwa kwenye kipimo cha mvuto, matokeo ya bunda lililopitishwa mashineni, na kama saa ya ukutani ilikuwa ushauri au ombi. Majibu yake yaandikwe ndani ya ingizo husika yakiwa na alama kwamba yametolewa baada ya rekodi, kwa kuwa kiwanda kina haki ya kujua lipi lilisemwa mbele yake na lipi lilithibitishwa baadaye.